Wanachama 400, Maboksi 288

Biashara ya boksi la mwezi ni rahisi kuieleza. Mteja anajiunga, analipa, na kila mwezi anapokea boksi lenye kitu anachokipenda, viwe vitabu, vipodozi, viungo au kahawa. Hahitaji kuagiza upya kila mara. Ugumu uko kwa anayefungasha, na unaanzia kwenye swali linaloonekana la kitoto: mwezi huu tunatuma maboksi mangapi?

Jibu la haraka ni kufungua daftari la wanachama. Wako 400, basi maboksi ni 400. Jibu hilo huwa sahihi mwezi wa kwanza wa biashara, pengine na wa pili. Baada ya hapo mmoja anaomba arukwe mwezi huu, mwingine anasimama hadi atakaporudi safari, wa tatu simu yake haina salio la kulipia, na wa nne alilipia maboksi sita ambayo yameshaisha bila yeye mwenyewe kujua. Wote hao bado wamo kwenye daftari, lakini si wote wanaodai boksi mwezi huu.

Ili hesabu ionekane vizuri, tuchukue biashara ya mfano. Iko Moshi, inakaanga kahawa ya Kilimanjaro na kuituma kwa basi kwenda Dar es Salaam, Arusha, Dodoma na Mwanza. Kila boksi lina pakiti mbili za robo kilo. Wanachama ni wa aina mbili. Kuna wanaolipa mwezi kwa mwezi kwa simu, na kuna waliolipia maboksi sita kwa mkupuo ili wapate nafuu ya bei. Maboksi yanaondoka tarehe 3 ya kila mwezi.

Mwezi tutakaoupigia hesabu ni Januari, kwa sababu ndio mwezi unaolidanganya daftari kuliko yote. Desemba watu wamesafiri, wengi wakiwa wamekwenda kula sikukuu nyumbani, na baadhi yao nyumbani kwao ni Kilimanjaro kwenyewe inakotoka kahawa. Wakirudi mjini wanakuta ada za shule na kodi ya nyumba vinawasubiri. Maombi ya kuruka na kusimama yanafika kwa pamoja.

Kuruka si kusimama

Kwenye simu ya mwenye biashara maombi hayo yanafanana. Mmoja anaandika, "Habari dada, naomba Januari mnipite, nina ada." Mwingine anaandika, "Shikamoo, naomba nisimame kwanza, nitawajulisha." Wote wawili hawatapata boksi la Januari, kwa hiyo kuna kishawishi cha kuwaandika wote kwa neno moja, "hapokei". Hapo ndipo mpango wa Februari unapoharibika.

Aliyeruka ametoa maelekezo kuhusu boksi moja. Mwezi unaofuata anarudi kwenye orodha ya kutumiwa bila kuulizwa wala kuulizia. Aliyesimama ametoka kwenye zamu mpaka jambo fulani litokee, ama mwezi alioutaja ufike, ama aseme mwenyewe kwamba yuko tayari. Kwa hiyo anayepanga manunuzi ya Februari anamhesabu aliyeruka kama boksi linalotarajiwa, ila aliyesimama bila kutaja mwezi wa kurudi hamhesabu kabisa.

Kuna hali ya tatu inayochanganywa na hizo mbili, nayo ni ya asiyelipa. Biashara nyingi za huku hazina namna ya kukata pesa kwenye kadi ya mteja kimyakimya. Ombi la malipo linatumwa kwenye simu, na mteja anaingiza namba ya siri. Akiwa hana salio, au simu imezimwa, au ombi limemfikia akiwa ndani ya basi pasipo na mtandao, malipo hayapiti. Mtu huyo hajaomba kuruka. Ukimwandika miongoni mwa walioruka, utaona walioruka wameongezeka na kudhani kahawa imewachosha watu, kumbe wengine walihitaji tu kutumiwa ombi mara ya pili.

Hivyo kila mwanachama, kwa kila mwezi, anapewa hali moja tu kati ya tano: TUMA, RUKA, SIMAMA, HAJALIPA, AMEISHIWA. Hiyo ya mwisho ni ya yule aliyelipia maboksi sita, akayapokea yote na hajalipa upya. Sharti ni kwamba hali iwe moja. Lakini watu hawaombi mambo kwa mpangilio. Mwanachama anaweza kuomba kuruka Januari, kisha wiki moja baadaye akaomba kusimama Januari na Februari. Akiandikwa mara mbili, atapunguzwa mara mbili kwenye jumla, na upungufu wa boksi moja utamfikia mtu mwingine ambaye hakuomba lolote.

Dawa yake ni kukubaliana mapema hali ipi inaishinda ipi. Utaratibu unaofaa ni kuuliza kwa mfuatano: Je, maboksi yake yameisha? Kama hayajaisha, je, amesimama? Kama hajasimama, je, ameruka? Kama hajaruka, je, amelipa? Anayepita maswali yote manne ndiye wa kutumiwa. Yule aliyeomba yote mawili atahesabiwa amesimama, na lile ombi la kuruka linafutwa, lisije likahesabiwa tena mwezi mwingine.

Siku ya kufunga orodha

Hali ya mwanachama hubadilika kila siku, kwa hiyo lazima iwepo siku moja ambayo orodha inafungwa na kilichoandikwa kinabaki hivyo. Kwa biashara yetu siku hiyo ni tarehe 20 ya mwezi uliotangulia, saa sita usiku. Orodha ya boksi la Januari inafungwa tarehe 20 Desemba. Anayeomba kuruka tarehe 22 anajibiwa kwa upole kwamba boksi la Januari limeshapangwa na ombi lake litaanzia Februari. Aliyechelewa kulipa akalipa tarehe 22 naye anaandikiwa boksi la Februari, na anaambiwa hivyo siku hiyohiyo.

Tatizo kubwa la siku ya kufunga linatoka kwa wanaosimama kwa tarehe. Mteja anasema anasimama kuanzia tarehe 15 Desemba hadi tarehe 15 Januari. Kichwani mwake amekosa mwezi mmoja, na akirudi tarehe 15 Januari anategemea boksi la Januari limsubiri. Kwa mpangaji, mtu huyo alikuwa amesimama orodha ilipofungwa tarehe 20 Desemba, na boksi la Januari liliondoka tarehe 3. Boksi lake la kwanza ni la Februari. Hakuna aliyekosea, ila kila mmoja alikuwa anahesabu kitu tofauti, huyu siku na yule maboksi.

Ndiyo maana wazoefu wa kazi hii hawaandiki tarehe za kusimama. Wanaandika majina ya maboksi. Swali kwa mteja ni moja: boksi lako la kwanza ukirudi liwe la mwezi gani? Akijibu Februari, daftari linasomeka "SIMAMA Januari, anarudi na boksi la Februari", na ujumbe wa kuthibitisha unarudia maneno hayohayo. Asiyejua atarudi lini anaandikwa "hana mwezi wa kurudi" na kuwekewa mwezi wa kuulizwa tena, usiozidi miezi mitatu mbele. Bila hivyo watu hao hulundikana mpaka daftari linakuwa na majina mengi ya watu walioondoka zamani bila kuaga.

Siku ya kufunga ina upande wa mteja pia, na umeshawahi kufika mpaka kwenye sheria. Mwaka 1926 klabu ya vitabu iitwayo Book of the Month Club ilianzishwa New York, ikituma kitabu kwa posta kila mwezi. Mtindo ulioenea kwenye klabu za namna hiyo ulikuwa wa kumpelekea mwanachama taarifa ya kitabu kijacho pamoja na fomu, na asiporudisha fomu ya kukataa, kitabu kinatumwa na bili inafuata. Ukimya ulihesabiwa kuwa ndiyo. Malalamiko yaliyozaliwa na utaratibu huo kwenye klabu za vitabu na za santuri yalichangia Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kutoa kanuni mwaka 1973. Kanuni hiyo ilitaka mwanachama apewe angalau siku 10 za kurudisha fomu yake.

Siku 10 hizo ni kipimo kizuri hata kwa anayefanya kazi kwa ujumbe wa simu. Kama orodha inafungwa tarehe 20, taarifa ya boksi lijalo itoke tarehe 10 au kabla. Ikitoka tarehe 18, wengi watakaotaka kuruka wataomba tarehe 22 na 23, na mwenye biashara atajikuta kila mwezi akichagua kati ya kuvunja kanuni yake na kumtumia mtu kahawa asiyoitaka.

Kufunga hesabu ya Januari

Tufunge sasa orodha yetu. Usiku wa tarehe 20 Desemba daftari lina wanachama 400. Wanaolipa mwezi kwa mwezi ni 260, na waliolipia maboksi sita ni 140.

Kati ya wale 260, waliosimama ni 31, walioruka ni 38 na ambao malipo yao hayajapita ni 17. Wanaobaki wa kutumiwa ni 174. Kati ya wale 140, waliosimama ni 12, walioruka ni 19 na walioishiwa ni 9. Wanaobaki ni 100.

Ukijumlisha pande zote mbili, wa kutumiwa ni 274, walioruka ni 57, waliosimama ni 43, wasiolipa ni 17 na walioishiwa ni 9. Kabla ya kufanya lolote lingine, jumlisha hizo tano: zinarudi 400. Zikirudi 399, yuko mtu asiye na hali yoyote. Zikirudi 402, wapo watu wenye hali mbili. Ukaguzi huu unachukua dakika moja, na jumla isiporudi usianze kufungasha.

Bado hatujapata idadi ya maboksi. Mpaka hapa tumehesabu watu. Kati ya wale 274, wapo 14 wanaopokea maboksi mawili, pengine ofisi au familia kubwa, kwa hiyo maboksi yanayodaiwa kwa Januari ni 288. Kisha kuna maboksi matano ya Desemba yaliyopotea njiani au kufika yamepasuka, ambayo yanabidi kutumwa upya. Yaandikwe pembeni kama fidia, maana yanaongeza kazi ya kufungasha na nauli ila hayatimizi deni lolote la Januari. Siku ya kufungasha meza itakuwa na maboksi 293.

Maboksi 293 ni pakiti 586 za robo kilo, yaani kilo 146 na nusu za kahawa iliyokaangwa. Kahawa mbichi hupungua uzito ikikaangwa, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 20 kutegemea imekaangwa kwa muda gani. Kwa upungufu wa asilimia 16, zinahitajika kilo 175 hivi za kahawa mbichi. Mwenye biashara aliyetegemea idadi ya wanachama angekaanga kilo 200 za maboksi 400 na kubaki na kilo zaidi ya 53 dukani. Kahawa mbichi ingeweza kusubiri miezi, lakini iliyokwisha kukaangwa inaanza kupoteza harufu yake ndani ya wiki chache. Boksi la Februari haliwezi kujazwa kahawa ya Desemba bila mteja kugundua.

Hesabu hii yote inaweza kufanywa kwenye jedwali la kompyuta lenye safu nne: A ni namba ya mwanachama, B ni mwezi wa boksi, C ni hali, D ni idadi ya maboksi. Kila mwanachama ana mstari mmoja kwa kila mwezi. Ukurasa ukiitwa Mpango, fomula mbili zinatosha kwa kuanzia:

```
=COUNTIFS(Mpango!B:B,"M2026-01",Mpango!C:C,"RUKA")
=SUMIFS(Mpango!D:D,Mpango!B:B,"M2026-01",Mpango!C:C,"TUMA")
```

Ya kwanza inahesabu watu walioruka na italeta 57. Ya pili inajumlisha maboksi ya kutumwa na italeta 288. Herufi M mbele ya mwaka imewekwa makusudi. Ukiandika 2026-01 peke yake, programu nyingi za majedwali zitadhani ni tarehe na kuibadilisha, na fomula inaweza kuleta sifuri bila onyo. Ili kuwanasa walioandikwa mara mbili, weka fomula hii kwenye safu ya pembeni, kuanzia mstari wa pili hadi wa mwisho:

```
=COUNTIFS(Mpango!A:A,A2,Mpango!B:B,B2)
```

Kila mstari unatakiwa kuonyesha 1. Ukiona 2, mwanachama huyo ana mistari miwili kwa mwezi mmoja, na mmoja lazima ufutwe.

Deni lisiloisha kwa kalenda

Kwa anayelipa mwezi kwa mwezi, kuruka kunaisha palepale. Hakulipa, hakutumiwa, hakuna anayemdai mwenzake. Kwa aliyelipia maboksi sita mambo ni tofauti. Biashara iko kwenye nafasi ya fundi nguo aliyepokea fedha ya mashati sita: mteja akisema wiki hii asiletewe shati, fundi hajasamehewa shati hilo.

Fuatilia mwanachama mmoja. Alilipia maboksi sita mwezi Septemba, na la kwanza lilikuwa la Oktoba. Oktoba akapokea, Novemba akapokea, Desemba akaruka, Januari na Februari akasimama. Anarudi na boksi la Machi. Mfumo uliowekwa kuhesabu miezi sita unasema uanachama wake ulianza Oktoba na unaisha Machi. Atatumiwa boksi la Machi, kisha ataandikiwa ujumbe wa kumshukuru na kumkaribisha alipe tena. Amepokea maboksi matatu kati ya sita aliyolipia.

Kosa hili huchukua miezi kuonekana, kwa sababu halimgusi asiyeruka hata mara moja. Linawapata wale tu walioruka au kusimama, na wengi wao hawakumbuki walipokea mangapi. Atakayekumbuka atakuja na risiti mkononi. Tiba ni kuacha kuandika mwezi wa mwisho wa uanachama. Andika maboksi yaliyolipiwa, maboksi yaliyotumwa, na tofauti yake. Mwanachama wetu analipiwa sita, ametumiwa mawili, anadai manne. Yatatoka Machi, Aprili, Mei na Juni, na kama ataruka tena Mei, la mwisho litakuwa la Julai. AMEISHIWA iandikwe pale tu tofauti inapokuwa sifuri.

Deni hilo likijumlishwa kwa wanachama wote wa aina hii, biashara inapata namba ambayo lazima iende sawa kutoka mwezi hadi mwezi. Chukua kipindi kati ya kufunga orodha ya Januari na kufunga orodha ya Februari. Tarehe 20 Desemba maboksi yaliyolipiwa na bado kutumwa yalikuwa 412. Ndani ya kipindi wanachama 22 walilipia sita sita, yakaongezeka 132. Wale 100 wa Januari walitumiwa maboksi 106, kwa kuwa sita kati yao wanachukua mawili mawili. Mmoja alijiondoa na kurudishiwa fedha ya maboksi manane yaliyobaki kwenye hesabu yake. Chukua 412, ongeza 132, toa 106, toa 8. Deni linalobaki ni maboksi 430.

Sasa pita njia ya pili. Jumlisha deni la kila mwanachama, mmoja mmoja, kutoka kwenye jedwali. Tuseme linatoka 427. Maboksi matatu yamepotea kwenye maandishi, na kwa kuwa tofauti ni ndogo kuna kishawishi cha kuiacha. Usiiache. Kumbuka yale matano ya fidia. Matatu kati yake yalikwenda kwa waliolipia sita, na aliyefungasha aliyaandika kama maboksi ya kawaida. Kila mmoja wa wanachama hao watatu amekatwa boksi moja kwa sababu la kwanza lilipasuka njiani. Wao wenyewe wasingejua mpaka mwisho wa mzunguko wao, lakini tofauti ya 430 na 427 imelionyesha kosa mwezi uleule.

Namba hiyo ina maana kwa fedha pia. Pesa ya maboksi 430 imeshaingia kwenye akaunti, ila kwa utaratibu wa uhasibu haijawa mapato hadi boksi litumwe. Walioruka wengi ndani ya mwezi mmoja wanaiacha akaunti ionekane nzito kwa sababu kahawa, maboksi na nauli havijanunuliwa. Mwenye biashara anayeitumia pesa hiyo kwa mambo mengine atakutana nayo tena Machi, pale waliokuwa wamesimama watakaporudi wote kudai, na hakuna atakayelipa chochote kipya.

Kuinunulia Februari kabla haijafungwa

Kungekuwa na raha kusubiri orodha ifungwe tarehe 20 Januari ndipo kahawa inunuliwe. Lakini tuseme muuzaji wa kahawa mbichi anataka oda mapema, na kwa biashara yetu oda ya Februari inatolewa tarehe 5 Januari. Siku hiyo orodha haijafungwa, na maombi mengi ya kuruka hayajafika. Inabidi kukadiria.

Anza na yanayojulikana. Waliotumiwa Januari ni 274. Walioruka 57 wanarudi wenyewe. Kati ya waliosimama 43, wapo 24 waliosema watarudi na boksi la Februari, wanane watarudi na la Machi, na 11 hawana mwezi wa kurudi. Ongeza wale 24 peke yao. Wapya na waliolipa upya baada ya kuishiwa, mpaka tarehe 5, ni 18. Toa 15 ambao boksi lao la mwisho lilikuwa la Januari. Wanaotarajiwa ni 358. Wale 17 ambao malipo yao hayakupita wasiingizwe mpaka walipe.

Angalia ukubwa wa mruko huo. Januari walitumiwa watu 274, na Februari wanatarajiwa 358, wakati wapya na waliolipa upya ni 18 tu. Mtu anayetazama maboksi yaliyotoka peke yake angesema Januari biashara ilianguka na Februari imefufuka. Ukweli ni kwamba wanachama ni karibu walewale, wamesogea tu kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine. Anayepanga Februari kwa kutazama maboksi ya Januari atakuwa chini ya matarajio hayo kwa watu zaidi ya 80.

Kutoka kwenye 358 lazima waondolewe watakaoruka au kusimama kabla ya tarehe 20. Mpaka tarehe 5 wameomba 14. Hapa kumbukumbu za nyuma ndizo zinazosaidia, lakini usitafute wastani wa walioruka kwa mwezi. Tafuta hiki: miezi iliyopita, ilipofika tarehe 5, ni sehemu gani ya maombi yote ilikuwa imeshafika? Tuseme kumbukumbu zinaonyesha ni mbili ya tano. Kama 14 ni mbili ya tano, wote watakuwa 35 hivi. Makadirio ya Februari ni watu 323, na kahawa mbichi iagizwe kwa kiasi hicho, pamoja na wanaochukua maboksi mawili na akiba ndogo ya fidia na wageni watakaoingia kabla ya kufunga.

Njia hii ina mipaka yake. Ili uipate ile mbili ya tano, lazima kila ombi liwe limeandikwa pamoja na siku lilipofika, na biashara nyingi huandika matokeo tu. Pia Januari haiwezi kutabiriwa kwa kumbukumbu za Agosti. Mwezi wenye ada za shule unalinganishwa na mwezi mwingine wenye ada. Na taarifa kwa wanachama ikichelewa mwezi huu kuliko kawaida, maombi ya tarehe 5 yatakuwa machache, na hesabu itakudanganya kwamba walioruka wamepungua.

Ndiyo maana maamuzi yagawanywe mara mbili. Kahawa mbichi inanunuliwa tarehe 5 kwa makadirio, kwa kuwa ikizidi inaweza kungoja mwezi mwingine. Kukaanga na kufungasha kunafanywa baada ya tarehe 20, kwa orodha iliyofungwa. Kisichosubiri hakifanywi kwa kukisia.

Jedwali likishatimiza miezi sita linaanza kujibu swali ambalo hesabu ya mwezi mmoja haiwezi kulijibu. Chuja wanachama wenye RUKA tatu mfululizo. Kwenye maandishi hao ni watu wanaorudi mwezi ujao, na mpango umekuwa ukiwahesabu hivyo kila mara na kukosea kila mara. Kwa vitendo wamesimama, na baadhi yao wameondoka ila wanaona haya kusema. Wapigiwe simu na kuulizwa swali lilelile: boksi lako lijalo liwe la mwezi gani? Wenye mwezi wa kutaja waandikwe SIMAMA pamoja na mwezi huo. Wasio nao waondolewe kwenye makadirio, na kama walishalipa, deni lao libaki kwenye daftari mpaka walichukue au warudishiwe fedha yao.